Sura ya 7: Rekodi 1,000 kati ya Milioni 200

Tuchukue jedwali la miamala ya huduma ya kutuma pesa kwa simu. Kila mteja anapotuma, anapotoa au anapolipia bidhaa, rekodi moja huongezwa humo: namba ya muamala, namba ya mteja, aina, kiasi, ada na saa. Jedwali hili, tuliite `miamala`, lina rekodi milioni 200 na limo ndani ya PostgreSQL, mojawapo ya hifadhidata zinazotumika sana duniani. Viwango vya ada vimebadilishwa na programu mpya ya kuzikokotoa imeshaandikwa. Kabla ya kuiwasha tunataka kuijaribu kwa miamala halisi 1,000, tuone kama inakata kile inachopaswa kukata.

Miamala ipi? Si 1,000 ya mwisho, kwa sababu hiyo yote ni ya leo, pengine ya dakika chache tu. Si 1,000 ya mwanzo pia, maana hiyo ni ya miaka ambayo huduma ilikuwa na aina mbili tu za malipo. Tunataka sampuli ya nasibu, yaani kila rekodi, ya zamani na ya jana, ya elfu moja na ya laki tano, iwe na nafasi sawa ya kuchaguliwa. Swali ambalo karibu kila mwandishi wa programu hulifikiria kwanza ni hili:

```sql
SELECT * FROM miamala ORDER BY random() LIMIT 1000;
```

Linasomeka vizuri: panga rekodi kwa nasibu, nipe 1,000 za juu. Jibu lake ni sahihi kabisa, na kwenye jedwali la rekodi 10,000 kwenye kompyuta ya mezani hurudi kabla hujaondoa kidole kwenye kitufe. Kwa sababu hiyo hupita majaribio yote ya nyumbani bila kushukiwa na kufika kwenye seva yenye rekodi milioni 200. Huko ndiko linakokwama.

Kazi iliyojificha ndani ya mstari mmoja

Ili kuelewa kinachotokea, iombe hifadhidata ionyeshe mpango wake kwa kuweka neno `EXPLAIN` mbele ya swali. Ukiondoa takwimu zake, mpango huwa na umbo hili, na husomwa kuanzia chini kwenda juu:

```
Limit
  ->  Sort
        Sort Key: (random())
        ->  Seq Scan on miamala
```

`Seq Scan` maana yake jedwali linasomwa lote, ukurasa baada ya ukurasa, tangu mwanzo hadi mwisho. Kila rekodi inayosomwa hupewa namba ya nasibu kati ya 0 na 1. Kisha rekodi hupangwa kwa namba hizo, na 1,000 zenye namba ndogo kuliko zote ndizo zinazorudishwa. Rekodi nyingine 199,999,000 zimesomwa, zimepewa namba, zimelinganishwa na kutupwa.

Kwa nini hifadhidata isisimame mapema? Kwa sababu haina ruhusa. Tumeiomba rekodi zenye namba ndogo kuliko zote, na namba ndogo kuliko zote inaweza kuiangukia rekodi ya mwisho kabisa ya jedwali. Mpaka rekodi hiyo nayo ipewe namba yake, jibu halijulikani.

Na kwa nini faharasa isisaidie? Tungesema `ORDER BY saa LIMIT 1000`, na safu ya `saa` ina faharasa, swali lingekwisha mara moja, maana faharasa imeshazipanga saa zote tangu zilipoandikwa na kilichobaki ni kuokota 1,000 za kwanza. Namba za `random()` hazipo popote kabla ya swali kuulizwa. Huzaliwa swali linapoendeshwa na kufa linapokwisha, na swali lilelile likiulizwa tena huleta nyingine. Kitu kisichokuwepo hakiwezi kupangwa mapema.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hulikosea. Husikika mara nyingi kwamba kinachochelewesha ni kule kupanga rekodi milioni 200. Kwa swali letu si hivyo. PostgreSQL inaona kwamba tunataka 1,000 tu, kwa hiyo huweka kwenye kumbukumbu rekodi 1,000 bora ilizokwisha kuona, na kila rekodi mpya hulinganishwa na ile mbaya kuliko zote kati ya hizo. Ukitumia `EXPLAIN ANALYZE` utaona imeandika `top-N heapsort`, na kumbukumbu inayotumika ni ndogo. Gharama kubwa iko kwenye kusoma.

Tuihesabu. PostgreSQL huhifadhi jedwali katika kurasa za baiti 8,192 kila mmoja. Muamala wetu ukichukua baiti zipatazo 112, pamoja na kichwa ambacho hifadhidata huweka mbele ya kila rekodi, ukurasa mmoja hubeba rekodi kama 70. Milioni 200 ukizigawa kwa 70 unapata kurasa milioni 2.86, sawa na gigabaiti 23 hivi. Diski inayosoma megabaiti 200 kwa sekunde itahitaji takribani dakika 2 kuzimaliza. Jedwali likikua mara mbili, muda nao unakua mara mbili, ingawa sisi tunataka rekodi zilezile 1,000. Na dakika hizo mbili, kama tuko kwenye seva inayofanya kazi, tunagombania diski na wateja wanaosubiri pesa zao zifike.

Hali huwa mbaya zaidi pale mtu anapoondoa `LIMIT`, au anapoomba rekodi milioni 20 badala ya 1,000. Hapo rekodi zinazopangwa hazienei tena kwenye kumbukumbu, ambayo kwa kawaida ya PostgreSQL huwa megabaiti 4 kwa kazi moja ya kupanga, mpaka msimamizi aibadilishe kwa `work_mem`. Zinazozidi huandikwa kwenye faili za muda diskini, kisha husomwa tena ili ziunganishwe. Kwa kuwa tumesema `SELECT *`, hazipangwi namba tupu. Kila namba inatembea na rekodi yake nzima. Jedwali la gigabaiti 23 linasomwa, karibu lote linaandikwa upya, na linasomwa tena. Alama yake kwenye `EXPLAIN ANALYZE` ni maneno `external merge Disk`. Ukiyaona hayo, ujue faili za muda zimeshaanza kujaza diski.

Kuchagua kurasa badala ya rekodi

Tangu toleo la 9.5, lililotoka Januari 2016, PostgreSQL ina njia yake yenyewe ya kuchukua sampuli, iliyokuwa imeshaingizwa kwenye kiwango cha lugha ya SQL mwaka 2003:

```sql
SELECT * FROM miamala TABLESAMPLE SYSTEM (0.01);
```

Namba iliyo kwenye mabano ni asilimia. Hapa hifadhidata haizigusi rekodi kwanza. Inapitia orodha ya namba za kurasa, na kila ukurasa unapigiwa kura kivyake: una nafasi 1 kati ya 10,000 ya kuchukuliwa. Ukurasa ulioshindwa hausomwi kabisa. Ulioshinda husomwa, na rekodi zake zote hurudishwa. Kati ya kurasa milioni 2.86 tunatarajia kurasa kama 286, na kila mmoja una rekodi 70, kwa hiyo tunapata rekodi zipatazo 20,000. Tumesoma megabaiti 2 na ushei badala ya gigabaiti 23.

Idadi hiyo haitakuwa ileile kila mara, kwa kuwa kura ni kura. Leo zitakuja 19,000, kesho 21,000. Anayetaka 1,000 kamili huomba asilimia inayozidi mahitaji yake, kisha huchanganya kile kidogo kilichopatikana kwa `ORDER BY random() LIMIT 1000`. Kuchanganya rekodi 20,000 ni kazi nyepesi.

Lakini nafuu hii ina bei yake, na bei yenyewe haionekani kwenye saa. Fikiria mkaguzi wa ghala anayechoma bambo kwenye magunia machache na kumwaga punje zote zilizotoka. Anashika punje nyingi, lakini kila konzi ni ya gunia moja, shamba moja, mvunaji mmoja. Kurasa za hifadhidata ziko hivyo hivyo. Rekodi zinazokaa ukurasa mmoja kwa kawaida ziliandikwa kwa kufuatana, ndani ya sekunde zilezile. Tuseme tarehe 28 kampuni moja iliwalipa mishahara wafanyakazi wake 500 kwa mkupuo. Malipo hayo yamejaza kurasa 7 mfululizo. Ukurasa mmoja kati ya hizo ukichaguliwa, tunaingiza kwenye sampuli miamala 70 ya aina moja, saa moja, na viasi vinavyoangukia karibu vyote kwenye kiwango kimoja cha ada. Programu yetu ikipita hiyo 70, imejibu swali lilelile mara 70.

Mrundikano huu unaweza kuonwa kwa macho. Kila rekodi ya PostgreSQL ina anwani inayoitwa `ctid`: namba ya ukurasa, kisha nafasi ya rekodi ndani yake. Ukiihesabu:

```sql
SELECT count(*) AS rekodi,
       count(DISTINCT (ctid::text::point)[0]) AS kurasa
FROM miamala TABLESAMPLE SYSTEM (0.01);
```

utaona rekodi kama 20,000 kandokando ya kurasa kama 286. Namba ya pili ndiyo ya kuiamini. Kwa mambo yanayofuata wakati, kama saa ya siku, ofa ya msimu au hitilafu ya siku fulani, tumetembelea nyakati 286 tu.

Njia hiyohiyo ina dada yake, `BERNOULLI`, inayopigia kura kila rekodi badala ya kila ukurasa. Mrundikano unakwisha, lakini ili kuifikia kila rekodi lazima jedwali lote lisomwe. Haipangi chochote, kwa hiyo haijazi faili za muda, na hilo ni la maana sana mtu anapotaka mamilioni ya rekodi. Kwa rekodi 1,000, dakika zetu 2 za kusoma zimerudi palepale.

Kura kwanza, rekodi baadaye

Ipo njia inayochagua rekodi mojamoja bila kusoma jedwali lote. Inategemea jambo moja: kila muamala una namba yake ya utambulisho, `id`, iliyotolewa kwa kufuatana na yenye faharasa. Tukiwa na hilo, tunaweza kupiga kura kwa namba tupu, kabla ya kugusa rekodi yoyote, kisha tukazifuata rekodi zilizoshinda tu.

Ugumu uko kwenye mapengo. `id` ya mwisho ya jedwali letu ni milioni 210, lakini rekodi zilizopo ni milioni 200. Nyingine zilifutwa, na nyingine hazikuwahi kuwepo, maana PostgreSQL ikishatoa namba kwa muamala uliokatizwa katikati, namba hiyo hairudishwi. Wengi hukwepa mapengo kwa kusema `WHERE id >= x ORDER BY id LIMIT 1`, yaani kama namba iliyotoka haipo, chukua inayofuata. Hapo sampuli imeshapinda. Tuseme baada ya rekodi namba 500 inayofuata ni 900. Rekodi 900 itachukuliwa kura ikiangukia 501, 502, na nyingine zote hadi 900, kwa hiyo ina nafasi 400, wakati jirani yake asiye na pengo kabla yake ana nafasi 1. Na mapengo makubwa hutokea penye matatizo, kwa mfano mfumo ulipozimika ghafla au rekodi zilipofutwa kwa wingi. Rekodi za baada ya tatizo zitaonekana tena na tena.

Dawa ni kuiacha kura iliyokosa ikose. Piga kura chache za ziada, na zitakazoangukia pengo zipotee:

```sql
SELECT m.*
FROM (SELECT DISTINCT
             (1 + floor(random() * 210000000))::bigint AS id
      FROM generate_series(1, 1100)) AS kura
JOIN miamala AS m USING (id)
ORDER BY random()
LIMIT 1000;
```

Kati ya kura 1,100, karibu 95 kwa kila 100 zitapata rekodi, kwa hiyo tunatarajia 1,047 na tunabakisha 1,000. Kila rekodi iliyopo ina nafasi sawa kabisa na nyenzake, liwepo pengo au lisiwepo. Kila kura inagharimu kushuka kwenye faharasa na kusoma ukurasa mmoja wa jedwali. Ngazi za juu za faharasa huwa tayari ziko kwenye kumbukumbu, kwa hiyo tuseme kurasa 2 kwa kura, jumla 2,200, sawa na megabaiti 18. Kwenye diski za kisasa ni chini ya sekunde. Hata kwenye diski ya sahani inayozunguka, inayotumia milisekunde 10 hivi kufika kila ukurasa, ni kama sekunde 22.

Msomaji makini ataona kwamba `ORDER BY random()` imerudi. Haikurudi kwa bahati mbaya. Ili kuondoa namba zilizojirudia, hifadhidata inaweza kuzipanga kura kuanzia ndogo, na rekodi zikatoka kwa mpangilio huohuo. Tungekata 1,000 za kwanza bila kuzichanganya tena, zile 47 zinazotupwa zingekuwa za `id` kubwa kuliko zote, yaani miamala mipya kuliko yote, ambayo pengine ndiyo inayotuhusu zaidi. Kuchanganya rekodi 1,047 hakugharimu kitu. Kosa la swali letu la kwanza halikuwa kutumia `random()`. Lilikuwa kuitumia juu ya rekodi milioni 200 wakati ingetosha juu ya elfu.

Kuna swali jingine linalofanana na hili kwa sura, na linapotosha:

```sql
SELECT * FROM miamala
WHERE id = 1 + floor(random() * 210000000);
```

Mtu hudhani namba moja itatolewa, kisha itatafutwa. Kumbe `random()` huitwa upya kwa kila rekodi, na kila rekodi hulinganishwa na namba yake tofauti. Jedwali lote linasomwa, na mwishoni unaweza kupata rekodi moja, mbili, au usipate hata moja. Kwa jedwali letu, kutopata kitu kutatokea karibu mara 4 kati ya 10. Anayeona swali linarudi tupu leo na kujibu kesho, bila data kubadilika, aangalie kwanza hapo.

Njia ya kura ina mpaka wake pia. Ikiwa `id` ni za herufi na tarakimu zisizofuatana, au mapengo ni makubwa kiasi kwamba kura 1 tu kati ya 50 inapata rekodi, haifai, na ni afadhali kurudi kwenye `TABLESAMPLE` huku ukijua unachonunua. Na kama jaribio linahusu salio la mteja badala ya ada ya muamala mmoja mmoja, kura zipigwe kwenye jedwali la wateja, kisha iletwe miamala yote ya kila mteja aliyechaguliwa. Salio haliwezi kukaguliwa kwa muamala mmoja uliong'olewa kwenye historia yake.

Pale nasibu isipotosha

Sampuli safi ya nasibu hutuonyesha mambo kwa uwiano wake, na hilo lenyewe ni kikwazo kwa majaribio. Tuseme muamala 1 kati ya 50,000 ni marejesho, pesa iliyotumwa kimakosa ikarudishwa, na ada yake hukokotolewa kwa kanuni ya pekee. Katika jedwali zima marejesho ni 4,000. Katika sampuli ya 1,000, ukiipiga mara 100, zipatazo 98 hazitakuwa na rejesho hata moja. Programu inaweza kuharibu kila rejesho na bado ikafaulu jaribio.

Kwa hiyo makundi adimu yachukuliwe peke yake. Safu ya `aina` ikiwa na faharasa, swali `WHERE aina = 'marejesho' ORDER BY random() LIMIT 50` linachanganya rekodi 4,000 tu, na linafaa kabisa. Miamala iliyo kwenye mpaka wa viwango, yenye kiasi cha mwisho cha ada moja na cha kwanza cha ada inayofuata, iandikwe kwa mkono, maana nasibu hukigusa kiasi kimoja maalumu mara chache mno. Kila kundi libaki na lebo yake. Ukimwaga marejesho 50 ndani ya sampuli ya 1,000 kisha ukatafuta wastani wa ada, wastani huo hauelezi tena jedwali.

Sampuli ikishapatikana, ipimwe kabla ya kutumiwa. Ripoti za mwezi zikisema Desemba ina asilimia 12 ya miamala yote, kwenye sampuli yetu tutegemee 120. Kupata 105 au 135 si ajabu. Kupata 300 ni dalili ya mrundikano wa kurasa au ya kura iliyopinda, na sampuli hiyo itupwe. Iliyopita kipimo ihifadhiwe kama jedwali lake, kwa `CREATE TABLE sampuli AS` mbele ya swali, na swali lenyewe liandikwe kwenye kumbukumbu za mradi. Programu ikishindwa kwenye muamala mmoja leo, ni lazima irekebishwe na kujaribiwa tena kwa muamala uleule. Ukipiga kura upya baada ya kurekebisha, muamala ulioivunja hautakuwemo, na jaribio litafaulu bila kuthibitisha kwamba kosa limeondoka.